Shajara ya chumvi: gramu ngapi kwa kilo moja ya nyama ya kuchoma

Siku ya 1

Nimechoka kukisia. Jumamosi mbili mfululizo nimechoma nyama ileile, mkono uleule, vijiko vilevile vya chumvi. Ya kwanza ilikuwa chapwa, watu wakaomba chumvi ya kunyunyizia mezani. Ya pili ilikuwa kali hata mke wangu akainywea maji kama anayekula pilipili. Kilichobadilika katikati ni kimoja tu: chumvi ya mawe iliisha, nikafungua pakiti ya chumvi laini.

Leo nimeanzia hapo. Nimeweka kijiko cha chai juu ya mizani, nikapima kila chumvi mara tano, kijiko kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Chumvi laini ilikuja karibu gramu 6. Ile ya mawe, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, ilicheza kwenye 4.5. Halafu nikapima kijiko cha chumvi laini kilichojaa kilima, kama ninavyochota nikiwa na haraka: gramu 9. Yaani "kijiko kimoja cha chumvi" kwangu kinaweza kuwa gramu 4.5 au 9, mara mbili kamili, na mimi nashangaa kwa nini nyama hainitii.

Chumvi ya mawe huacha nafasi za hewa kati ya punje, ndiyo maana kijiko chake ni chepesi. Gramu kwa gramu ni chumvi ileile, ukali uleule ikishayeyuka. Kwa hiyo kuanzia leo vijiko viko likizo. Kila kitu ni gramu kwa kilo ya nyama.

Siku ya 3

Jaribio la kwanza la kweli. Nimechukua mnofu wa ng'ombe usio na mfupa, nikakata vipande vitano vya gramu 200 kila kimoja, unene wa sentimita 2 na nusu. Viwango vya chumvi ni 8, 10, 12, 15 na 20 kwa kilo. Kwa kipande cha gramu 200 hiyo ni 1.6, 2, 2.4, 3 na 4. Mizani ya kawaida ya jikoni haiwezi kazi hii, maana inaruka gramu nzimanzima. Nimetumia kale kadogo kanakosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Anayepima kilo nzima kwa mara moja hakahitaji, ya kawaida inamtosha.

Hakuna kiungo kingine chochote. Chumvi tu, pande zote, kisha friji usiku kucha, kila kipande kwenye mfuko wake wenye namba.

Baada ya kuchoma nimepima tena kabla hatujaonja. Gramu 200 zimerudi wastani wa 146. Robo nzima na zaidi kidogo imeondoka, nyingi ikiwa maji, mengine ni mafuta. Hili sikuwahi kulifikiria: maji yanaondoka kwa mvuke lakini chumvi haiwezi kupaa. Kipande cha 2.4 kilichokuwa na asilimia 1.2 kikiwa kibichi kinakaribia asilimia 1.6 kikitoka jikoni, ukitoa kidogo kinachodondoka na juisi. Ndiyo maana kuonja rojo la viungo likiwa bichi hakukwambii ukweli. Na ndiyo maana nyama iliyochomwa hadi kukauka huonekana imezidi chumvi hata kama kipimo kilikuwa sahihi.

Tumeonja wanne, bila kujua namba. Ya 8 wote tumeiita chapwa. Ya 10 ni ya mtu anayependa kuchovya kwenye sosi. Ya 12 imechaguliwa na watatu. Ya 15 imependwa na mmoja, yule aliyekuwa anakula na viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi, na nadhani ana hoja: nyama inayoliwa na kitu chapwa inaweza kubeba zaidi. Ya 20 hakuna aliyemaliza.

Nimeandika kwa wino: 12 kwa kilo ya mnofu, 10 ikiwa kuna sosi yenye chumvi, 15 ndio ukuta. Kando nimejiandikia pia kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Anayekula kipande kilichokuwa gramu 200 kibichi kwa kipimo cha 12 ameshakula 2.4. Karibu nusu ya siku kwenye nyama peke yake.

Siku ya 6

Kipimo kipo, sasa muda. Nimechukua pande la unene wa sentimita 5, nikalitia 12 kwa kilo kama kawaida, lakini nimeliacha saa mbili tu. Mama mkwe yuko hapa wiki hii, nikamkatia kipande cha katikati.

"Mwanangu," akasema, "hii umeipaka chumvi, hukuitia."

Hakuna namna bora ya kulieleza. Ukoko wa nje ulikuwa mkali, moyo wa nyama haujui kama chumvi ipo duniani. Kipimo kilikuwa sahihi kwa pande zima, ila chote kilikuwa kimekaa kwenye milimita chache za juu.

Chumvi hutembea ndani ya nyama polepole, na muda wake hauongezeki sawasawa na unene. Unene ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Kipande cha sentimita 2 na nusu kinachokolea vizuri kwa saa tano kitadai saa ishirini kikiwa cha sentimita 5. Kwa hiyo kanuni ninayoshika ni hii: vipande vidogo vya kuchoma kwenye vijiti, saa mbili hadi nne, vipande vya kawaida, usiku mmoja, pande nene, siku nzima au zaidi. Yote ndani ya friji, nyuzi 4 au chini ya hapo. Nyama ya kukaa saa ishirini haikai juu ya meza.

Leo pia nimekaa na kuangalia, kitu ambacho sijawahi kukifanya. Nimenyunyizia chumvi kwenye kipande, nikawasha taa, nikavuta kiti. Dakika tatu za mwanzo hakuna kitu. Kwenye tano hivi, kila punje ya chumvi imezungukwa na tone dogo linalong'aa. Kwenye kumi na tano matone yameungana, uso mzima umelowa kama umemwagiwa maji. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuweka nyama motoni, kwa sababu moto utatumika kukausha maji hayo kwanza, na nyama itatoka ya kijivu badala ya kahawia. Ilipofika dakika ya arobaini na kitu maji yameanza kupungua, na baada ya saa moja uso umekuwa mkavu zaidi, wenye kunata kidogo. Maji yale ya chumvi yamerudi ndani.

Kwa hiyo mwenye haraka atie chumvi sekunde kabla ya kuweka wavuni, au avumilie saa nzima. Katikati hapafai. Nami nilikuwa natia chumvi wakati nawasha makaa, dakika ishirini kabla. Miaka yote hiyo.

Siku ya 10

Sasa rojo la viungo. Hapa nilikuwa na imani moja thabiti, kwamba nyama ikilala usiku kucha kwenye kitunguu saumu na tangawizi, ladha inaingia hadi ndani. Nimeijaribu imani hiyo na imeanguka.

Vipande viwili vya sentimita 4, vyote 12 za chumvi. Kimoja nimekiacha usiku kucha ndani ya rojo zito la saumu, tangawizi, bizari na mafuta. Kingine nimekipaka rojo hilohilo dakika ishirini kabla ya moto. Baada ya kuchoma nimevua ukoko wa nje kwa kisu, milimita tano pande zote, nikawapa watu ile mioyo miwili. Hakuna aliyeweza kutaja kipi kilikuwa kipi. Vyote vilikuwa na ladha ya nyama iliyokolea chumvi, basi. Zile ngozi za nje, hapo ndipo tofauti ilipokuwa, na hata hapo ilikuwa ndogo.

Chumvi ni chembe ndogo inayoyeyuka kwenye maji, na nyama bichi karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo inapita. Harufu nyingi za viungo ni chembe kubwa zaidi, na nyingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo zinabaki mlangoni.

Hili limebadilisha jinsi ninavyopima. Chumvi inafuata uzito wa nyama. Rojo linafuata ngozi ya nyama, yaani eneo la kupaka. Kilo moja iliyokatwa vipande vya sentimita 3 kila upande ina eneo karibu mara tatu ya kilo moja iliyo pande moja la unene wa sentimita 5. Nimekokotoa kwenye karatasi: kama sentimita za mraba 1,900 dhidi ya 660. Rojo linalotosha kilo ya vipande vidogo likipakwa kilo ya pande, litabaki bakulini au litaungua wavuni.

Kwa kilo ya vipande vidogo nimetulia hapa: saumu iliyopondwa gramu 20, tangawizi 20, mafuta mililita 30, viungo vikavu vilivyosagwa gramu 15, juisi ya limau mililita 30. Kwa pande nene, theluthi ya hayo. Chumvi haimo kwenye rojo kabisa. Inatangulia peke yake, imepimwa peke yake, kwa sababu chumvi iliyo kwenye rojo inabaki na rojo: kinachobaki bakulini na kinachodondokea makaa ni chumvi ambayo hukuihesabu.

Mafuta nilikuwa naweka mililita 80 kwa kilo. Yote yalikuwa yanaishia kwenye makaa, moto unaruka, nyama inapata masizi. 30 yanatosha kushikisha viungo.

Siku ya 13

Siku mbaya. Nilitaka kulainisha nyama ngumu ya mguu, nikasaga papai bichi, gramu 60 kwa kilo, na limau mililita 100 juu yake, nikalaza usiku kucha. Asubuhi nyama ilikuwa nyeupe kwa nje kama iliyochemshwa. Nikaishika, kidole kikazama. Wavuni ikashikamana na vyuma, na kilichotoka kilikuwa na ukoko wa uji unaokwaruza ulimi kama chaki, na katikati nyama ngumu ileile niliyokuwa naipigania.

Makosa ni mawili na yanafaa kutenganishwa. Limau ni asidi: inakaza na kupausha protini za juu, na ikizidi muda inazifanya ziwe kama chaki. Mililita 30 kwa kilo, saa moja au mbili, inatosha kuleta uchachu. Anayetaka kulaza usiku kucha atumie mtindi, asidi yake ni ya upole. Gramu 150 kwa kilo hazijaniharibia kitu. Na chombo kiwe cha kioo au cha plastiki ya chakula, si sufuria ya alumini, maana asidi inaila.

Papai ni jambo jingine. Lina kimeng'enya kinachokata protini, na kinafanya kazi pale tu kilipogusa. Hakiingii ndani. Tena kinachangamka zaidi kwenye joto la nyuzi 50 hadi 70, kwa hiyo nyama ikiwa wavuni inapita katika joto hilo na papai linaendelea kuitafuna. Muda unaohesabu kwenye saa ya jikoni sio wote. Nimerudia leo jioni kwa gramu 15 kwa kilo, vipande vyembamba, saa moja, kisha nikafuta rojo kabla ya kuchoma. Imelainika na imebaki nyama. Kwa pande nene sitalitumia tena. Hapo dawa ni moto wa taratibu.

Siku ya 15

Nyama ya kusaga, kwa kifupi. Nimechanganya 12 kwa kilo, nikafinyanga, nikaacha saa tatu. Imetoka ya kuruka kama soseji, ukiibonyeza inarudi. Chumvi huyeyusha protini za nyama iliyosagwa, nazo zikipata moto zinashikana. Kwa kitu cha kuzungusha kwenye kijiti ndicho unachotaka, kitashika na hakitaanguka. Kwa duara la kuweka kwenye mkate, tia chumvi nje tu, mwishoni kabisa, kabla ya wavu.

Siku ya 17

Mambo mawili yanayodanganya mizani: mfupa na sosi ya soya.

Mfupa hauli chumvi lakini unapimwa. Nimechukua paja la kuku la gramu 212, nikatoa mfupa: gramu 41, asilimia 19. Sitaki kuchukulia kwamba kila kipande kiko hivyo. Mbavu zina mfupa mwingi zaidi. Nitakuwa natoa mfupa kwenye kipande kimoja na kupima kila nikibadilisha aina ya nyama. Dakika tano tu.

Sosi ya soya ni chumvi iliyojificha ndani ya maji meusi. Chupa niliyonayo inaandika sodiamu gramu 5.8 kwa mililita 100. Sodiamu peke yake si chumvi. Kuipata chumvi unazidisha kwa 2.5. Hiyo ni 14.5 kwa mililita 100. Kijiko cha mezani cha mililita 15 kina gramu 2 na kidogo. Vijiko vitatu kwenye kilo moja ya nyama, umeshatumia nusu ya bajeti na pakiti ya chumvi bado hujaifungua. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa haradali, vidonge vya supu, na pakiti za viungo vilivyochanganywa. Kwenye nyingi chumvi ndiyo ya kwanza kutajwa.

Siku ya 20

Leo ndio mtihani, wageni kumi na wanane. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa kilo 3.5, vipande vya sentimita 3. Mapaja ya kuku yenye mfupa kilo 2.5, rojo lake lina sosi ya soya mililita 40.

Ng'ombe: 3.5 mara 12, gramu 42. Rahisi.

Kuku: kilo 2.5 ukitoa asilimia 19 ya mfupa inabaki 2.025. Mara 12 ni 24.3. Sosi ya soya inaleta 5.8. Kwa hiyo chumvi ya kutia mkononi ni 18.5. Kwa tamaa ya kujua, nimehesabu ningefanya nini bila shajara hii: ningepima uzito wote na mfupa wake, gramu 30, halafu soya juu. Jumla 35.8 ndani ya nyama kilo mbili, karibu 17.7 kwa kilo. Ningekuwa nimeuruka ukuta niliojiwekea siku ya 3, na nisingejua kwa nini.

Jana usiku nimetia chumvi zote mbili. Ya ng'ombe nimenyunyizia kutoka juu, mkono ukiwa kama sentimita 30 juu ya sinia, kwa awamu tatu, nikigeuza nyama kila awamu. Ukimwaga mahali pamoja, vipande vitano vinabeba mzigo wa ishirini. Leo asubuhi rojo, limau nimelitia saa moja kabla ya moto. Sehemu ya rojo la kupaka wavuni nimeitenga kwenye bakuli jingine kabla halijagusa nyama mbichi. Asali ya kuku nimeipaka dakika tatu za mwisho tu, kwa sababu sukari huungua kabla kuku hajaiva, na kuku wa leo nimemtoa kipimajoto kiliposoma 74 karibu na mfupa.

Nyama ya ng'ombe: sinia limerudi tupu, na chupa ya chumvi mezani haijaguswa. Nilikuwa naiangalia hiyo kuliko nilivyowaangalia wageni.

Kuku hakukamilika. Upande wa chini, ule wa nyama wazi, ulikuwa umekolea sawasawa. Upande wa ngozi, ngozi kali na nyama iliyo chini yake chapwa. Ngozi ina mafuta, na chumvi haipiti kwenye mafuta kirahisi, kwa hiyo nusu ya ile 18.5 ililala juu ya ngozi usiku kucha bila kwenda popote. Mama mkwe alishaondoka, vinginevyo angesema nimempaka kuku tena.

Jumanne narudia kwa mapaja manne: mawili chumvi yote chini ya ngozi, mawili robo tatu upande wa nyama na robo juu ya ngozi. Kipimo hakibadiliki, 12.